Kukokotoa Riba ya Akiba na Gawio la Hisa la Kila Mwanachama: Maneno kwa Wanaoanza Kazi Hii

Kila mwaka wa fedha unapofungwa katika ushirika wa akiba na mikopo, mtunza hesabu hukabidhiwa kazi inayoonekana nyepesi: kuchukua akiba ya kila mwanachama, kuizidisha kwa kiwango cha riba kilichopendekezwa, kisha kufanya hivyo hivyo kwa hisa zake ili kupata gawio. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na ninawaandikia ninyi mnaoianza kwa sababu kuzidisha ndiyo sehemu yake ndogo kabisa. Ugumu wote umo katika swali moja, yaani ni kiasi gani hasa cha fedha ya mwanachama kilichokuwa mikononi mwa ushirika, na kwa muda gani.

Salio la mwisho wa mwaka halijibu swali hilo. Tuchukue wanachama wawili ambao kila mmoja alianza Januari akiwa na akiba ya 240,000 na akamaliza Desemba akiwa na 384,000. Wa kwanza aliweka 12,000 kila mwezi bila kukosa. Wa pili hakuweka chochote mwaka mzima, kisha Desemba akaleta 144,000 kwa mkupuo. Ukiwapa riba ya asilimia 8 juu ya salio la mwisho, kila mmoja atapata 30,720, ingawa michango ya wa kwanza ilikuwa ikikopeshwa tangu mwanzo wa mwaka na zile 144,000 za wa pili hazijamfikia mkopaji hata mmoja.

Ndiyo maana vyama vingi huipa kila mwezi uzito wake. Salio la mwanzo wa mwaka hupewa miezi 12 kati ya 12, kwa kuwa lilikuwapo mwaka mzima. Mchango wa Januari hupewa miezi 11, wa Februari 10, na kuendelea hivyo hadi wa Desemba ambao haupewi kitu. Kwa mwanachama wetu wa kwanza, jumla ya uzito wa michango yake ni 66, na 12,000 mara 66 gawa kwa 12 ni 66,000. Ukiongeza 240,000 ya mwanzo unapata 306,000, ambayo ndiyo wastani wa akiba yake kwa mwaka, na asilimia 8 yake ni 24,480. Mwanachama wa pili anabaki na wastani wa 240,000, na riba yake ni 19,200. Vipo vyama ambavyo humpa anayeweka mapema ndani ya mwezi uzito wa mwezi huo wote. Kanuni hiyo nayo ni halali, mradi iwe imeandikwa katika sera na itumike kwa kila mtu.

Katika jedwali la kompyuta, ukiweka salio la mwanzo kwenye safu ya B, michango ya Januari hadi Desemba kwenye safu za C hadi N, na uzito wa miezi (11 hadi 0) kwenye mstari wa 2, wastani wa mwanachama aliye mstari wa 3 hupatikana hivi:

```
=B3+SUMPRODUCT(C3:N3,$C$2:$N$2)/12
```

Akiba iliyotolewa, au iliyotumika kufidia mkopo, huingizwa katika mwezi wake ikiwa na alama ya kutoa, na fomula yenyewe itapunguza miezi inayostahili kupunguzwa. Hisa hukokotolewa kwa njia hiyo hiyo. Mwenye hisa za 50,000 tangu mwanzo wa mwaka aliyenunua nyingine za 20,000 mwezi Aprili ana wastani wa 50,000 kuongeza 20,000 mara 8 gawa kwa 12, yaani 63,333.33, na gawio lake kwa asilimia 10 ni 6,333.33. Hisa zikihamishwa kutoka kwa mwanachama mmoja kwenda kwa mwingine mwezi Agosti, anayetoa hupunguziwa uzito wa miezi 4 na anayepokea huongezewa miezi 4 hiyo hiyo, hivyo jumla ya ushirika haibadiliki.

Kiwango chenyewe lazima kitokane na msingi huo huo utakaotumika kulipia. Hapa nilikosea mwaka wangu wa pili kazini. Fedha iliyotengwa kwa riba ya akiba ilikuwa 6,120,000. Nilichukua jumla ya akiba kwenye mizania, 84,000,000, nikagawanya na kupata kiwango cha takribani asilimia 7.29, kisha nikakitumia kuzidisha wastani wa kila mwanachama. Lakini jumla ya wastani wa wanachama wote ilikuwa 76,500,000 tu, kwa hiyo nililipa 5,573,571 na kubakiza 546,429 ambazo zilikuwa haki ya wanachama. Mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi ndiye aliyeuliza kwa nini jumla ya orodha haifikii kiasi kilichoidhinishwa. Ningegawanya 6,120,000 kwa 76,500,000 ningepata asilimia 8 kamili. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukitangaza asilimia 8 kwa kufuata wastani, kisha mtu akailipa juu ya salio la mwisho, ushirika utatoa 6,720,000, yaani 600,000 ambazo hazikutengwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kabla ya kukokotoa chochote, jumla ya leja za wanachama lazima ilingane na akaunti ya akiba katika daftari kuu. Ulinganisho huo ni wa lazima, na usizidishe hata namba moja kabla haujakubali. Hata hivyo unathibitisha salio la mwisho peke yake. Mchango wa Machi ulioandikwa Aprili hauligusi salio la mwisho, ila wastani unapungua. Kwa hiyo linganisha pia jumla ya kila mwezi: jumla ya safu ya Machi katika jedwali lako iwe sawa na mwendo wa Machi katika daftari kuu. Kisha pitisha macho kwenye mistari ya wanachama na utafute mwezi wenye sifuri unaofuatwa na mwezi wenye mchango mara mbili. Mara nyingi utakuta ni makato ya mshahara ambayo mwajiri aliyachelewesha. Je, mchango huo uhesabiwe tangu mwezi wa makato au tangu siku fedha ilipoingia benki ya ushirika? Mimi naona ya pili ndiyo sahihi, kwa kuwa fedha ambayo haijafika haikuzaa kitu, na ucheleweshaji wa mwajiri unapaswa kudaiwa kwa mwajiri. Lakini uamuzi huo ni wa bodi, nao uandikwe kabla namba hazijaonekana, kwa sababu ukishajua nani atanufaika ni vigumu kuamua kwa haki.

Lipo kosa ambalo hata ulinganisho wa mwezi kwa mwezi haulioni. Mwaka mmoja tulikuwa na wanachama wawili wenye namba 0417 na 0471. Mwenye 0417 alikuwa mchangiaji wa 12,000 kila mwezi, sawa kabisa na yule wa mfano wetu. Kuanzia Februari hadi Agosti, michango yake saba iliingizwa kwenye leja ya 0471. Mwanachama aligundua alipoomba taarifa ya akaunti, na tarehe 14 Novemba karani akarekebisha kwa ingizo moja la 84,000, akaitoa 0471 na kuipeleka 0417. Salio la mwisho la wote wawili likawa sahihi. Jumla ya kila mwezi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, maana fedha ilikuwa imo ndani ya ushirika, ila kwa jina la mtu mwingine.

Angalia kilichotokea kwenye riba. Uzito wa miezi ya Februari hadi Agosti ni 10, 9, 8, 7, 6, 5 na 4, jumla 49. Michango hiyo saba ilistahili kuchangia 49,000 katika wastani wake. Kwa kuwa jedwali lilisoma tarehe ya marekebisho, 84,000 zilipewa uzito wa mwezi 1 na kuchangia 7,000 tu. Wastani wake ukashuka kutoka 306,000 hadi 264,000, na riba yake kutoka 24,480 hadi 21,120. Zile 3,360 zilizopungua hazikupotea. Zilimwendea mwenye 0471 ambaye wala hakuziomba. Jumla ya orodha ililingana na kiasi kilichoidhinishwa mpaka senti ya mwisho, na mkaguzi anayetazama jumla asingekuwa na sababu ya kusimama hapo.

Tangu hapo, kabla ya kukokotoa, mimi huchapisha orodha ya maingizo yote ya marekebisho ya mwaka, yaani kila ingizo lisilotokana na stakabadhi, makato wala hati ya malipo. Orodha hiyo huwa fupi, na ninaipitia ingizo kwa ingizo nikiuliza fedha hii ilikuwa ya nani na tangu lini. Siifuti tarehe ya ingizo kwenye leja, kwani hiyo ni kumbukumbu ya siku karani alipoandika, na kuibadilisha ni kuharibu ushahidi. Ninachofanya ni kuweka kwenye jedwali la riba tarehe ya pili, ile ambayo fedha ilipokewa kweli, na kutumia hiyo kupanga mwezi. Kwa 0417, zile 84,000 za Novemba zinavunjwa kuwa michango saba ya 12,000 katika miezi yake, na kwa 0471 michango hiyo hiyo inaondolewa katika miezi hiyo hiyo. Karatasi ya kazi inaambatishwa pamoja na sahihi ya aliyeidhinisha.

Baada ya kuzidisha, zungusha riba ya kila mwanachama hadi senti na ujumlishe zilizozungushwa. Tofauti ndogo itakayojitokeza ipelekwe kwenye akaunti yake iliyoidhinishwa, wala usiisawazishe kwa kumwongezea au kumpunguzia mwanachama wa mwisho kwenye orodha. Kodi ya zuio, pale sheria inapoidai, na madeni ya mkopo yaliyochelewa hukatwa baada ya kiasi kamili kuonekana. Ukionyesha kilichobaki peke yake, mwanachama hana njia ya kujua kama kiwango kilichopitishwa na mkutano mkuu ndicho alicholipwa.

Kwa sababu hiyo, hati ninayompa mwanachama haina riba na gawio tu. Ina salio la mwanzo, michango ya kila mwezi katika mstari mmoja, wastani uliopatikana, kiwango, kiasi kamili, makato na kilicholipwa. Mwenye 0417 alipopewa hati ya namna hiyo mwaka uliofuata, alikaa nayo dirishani akifuatisha kila mwezi kwa kidole akilinganisha na stakabadhi zake, na alipofika Desemba akatia sahihi.