Kilele kikae wapi kwenye mchoro?

"Nafundisha uandishi hapa Goma. Nikichora pembetatu ya muundo wa hadithi ubaoni, wanafunzi wanaweka kilele katikati, halafu mwisho unapwaya. Nakosea wapi?"

Mwalimu, tatizo ni pembetatu yenyewe. Mwandishi Mjerumani Gustav Freytag aliieleza mwaka 1863 kwa tamthilia za matendo matano, kilele kikiwa katikati. Kwa hadithi fupi, chora mlima ulioegemea kulia: mpando mrefu, kilele karibu na mwisho, mteremko mfupi.

Chukua kijana anayeshusha makala kwa chukudu kutoka Kibumba. Deni lake linalipwa leo. Mpira wa breki unakatika, gunia linapasuka. Wanafunzi watang'ang'ania hicho ndicho kilele (wangu walifanya hivyo), lakini bado anaweza kulipa au kushindwa. Kilele ni pale anapoiuza chukudu. Swali la deni limefungwa. Zinabaki sentensi mbili, anarudi kwa miguu.