Kiu ya mgonjwa wa dayalisisi: kwanini mashine haitoi maji yote?

*Shikamoo nesi. Baba yangu yuko kwenye dayalisisi mwezi wa nne sasa, anaenda Jumatatu na Alhamisi. Tumeambiwa vinywaji visizidi mililita 800 kwa siku ila joto hili la Dar anateseka na kiu mpaka namwonea huruma nampa. Maji yenyewe hanywi hata lita moja, lakini Jumatatu kapimwa ana kilo 5 za ziada, tukagombezwa, alafu wakatoa lita 3 tu. Si kazi ya mashine kutoa maji, kwanini wasitoe yote? Na hiyo kiu tufanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo ya mashine, maana ukiielewa hiyo hata huruma yako utaijua pa kuiweka.

Mashine haivuti maji kutoka mwilini, inavuta kutoka kwenye damu inayopita pale kwenye mipira. Na mwili wa mtu wa kilo 60 una damu kama lita 4 na kidogo tu. Sasa zile kilo 5 za mzee hazikuwa kwenye damu zote, nyingi zilikuwa zimejificha kwenye miguu, kwenye nyama, chini ya ngozi, zingine ndo zinanyemelea mapafu. Mashine ikishavuta kwenye damu inabidi yale ya kwenye nyama yarudi taratibu kwenye mishipa kujaza pengo, na hayo yana mwendo wao, huwezi kuyaharakisha. Ukivuta haraka kuliko yanavyorudi, mishipa inabaki nusu tupu, presha inaporomoka, mtu anaona giza, anatapika, misuli ya miguu inakaza mpaka mtu mzima analia. Na moyo nao unakosa damu ya kutosha kwa muda huo, ikijirudia wiki hadi wiki unachoka taratibu bila mtu kujua.

Kwaiyo kuna kipimo tunachokwenda nacho, wengi tunajitahidi isizidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Hukuandika uzito wa mzee, tufanye uzito wake mkavu (yaani ule akiwa hana maji ya ziada) ni kilo 60. 13 mara 60 ni mililita 780 kwa saa, kwa saa 4 za kitandani inakuja lita 3 na kidogo. Ndo hizo 3 walizotoa, hawakumbania. Kutoa zote 5 kwa saa hizo hizo ingekuwa karibu mililita 21 kwa kilo kwa saa, na hapo ndo nimeona watu wanazimikia kwenye kiti. Alafu presha ikishashuka tunamrudishia maji ya chumvi kwa dripu ili imuinue, chumvi ile inaingia mwilini, anafika nyumbani na kiu kuliko aliyokuja nayo, anakunywa, mzunguko unaanza upya. Hizo lita 2 zilizobaki dawa yake ni kuongeza saa za kitandani au kumuongezea siku ya tatu wiki hiyo, muulizeni daktari wake kama inawezekana.

Sasa zile kilo 5 zimetoka wapi kama maji hayafiki lita. Mililita 800 mara nyingi inapatikana hivi: mkojo anaotoa kwa saa 24 unapimwa, alafu inaongezwa 500. Maana yake mzee bado anatoa kama 300. Ila ni vinywaji vyote, sio maji ya kwenye glasi peke yake, na hapa ndo familia nyingi zinakosea bila kujua. Nikikaa na mama au binti wa mgonjwa tukaanza kuhesabu jana yake huwa inaenda hivi: chai ya asubuhi kikombe kikubwa 250, bakuli la uji saa nne 300, maji ya kumezea dawa mara tatu 150, supu ya jioni 200, na maji "kidogo tu" 700. Jumla 1,600! Mara mbili ya alichopangiwa. Hapo kila siku kazidisha 800, kwa siku 4 kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu ni lita 3.2. Na hata anayefuata masharti vizuri bado anaongezeka kama nusu kilo kwa siku, kwaiyo siku 4 ni kilo 2. Jumlisha, ndo hizo 5 zako. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mzani, mzani haudanganyi. Barafu, aiskrimu, mtindi, mchuzi mwepesi, tikiti maji, vyote weka kwenye hesabu.

Kuhusu jasho, kweli Dar inatoa jasho, ila mzee aliyekaa kivulini na feni hapotezi kiasi anachodhani, na mzani wa asubuhi ndo utakuambia. Apime kila siku akishatoka chooni, kabla ya chai, nguo zile zile. Akizidi kilo moja tangu jana ujue jana mlipitiliza.

Haya, kiu. Hapa nataka unisikilize vizuri maana wengi mnapambana na maji wakati adui ni chumvi. Mwili unataka damu iwe na chumvi kwa kiwango kile kile siku zote, mtu mwenye figo nzima akila chumvi nyingi anaikojoa, mzee hawezi, kwaiyo ikishaingia inakaa hapo na ubongo unamwamrisha anywe mpaka ichanganyike sawasawa. Gramu 8 za chumvi zinadai karibu lita nzima ya maji. Gramu 8 ni kama kijiko kimoja cha chai na nusu, hazionekani hata. Sasa umempa ng'onda au dagaa wa chumvi mchana, alafu jioni unamkatalia maji, hapo unamtesa kweli, na hataweza kuvumilia, hakuna binadamu anayeweza. Ataamka usiku akanywe jikoni kimya kimya, nimeshaambiwa hivyo na wazee wengi tu wakiona aibu.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, tena hapo kuna ile iliyojificha kwenye mkate, soseji, chipsi, karanga za pakiti, achari, na hasa vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu. Hivyo vya mchuzi ndo naviona kila nyumba, mtu anakuambia "mimi chumvi siweki kabisa" kumbe kamwaga pakiti zima. Pikeni na kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, giligilani, bizari, pilipili kidogo kama tumbo linaruhusu. Wiki mbili za kwanza atalalamika chakula hakina ladha, baadaye ulimi unazoea na utaona kiu inapungua yenyewe. Ila msinunue ile chumvi mbadala inayoandikwa ina sodiamu kidogo, nyingi zimewekwa potasiamu na kwa mgonjwa wa figo potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Dafu ni hivyo hivyo, najua ndo kitu cha kwanza mtu anafikiria joto likizidi, lakini dafu moja lina maji ya kutosha kumaliza zaidi ya theluthi ya haki yake ya siku na potasiamu yake inapita ya ndizi mbivu. Msimpe.

Kama mzee ana kisukari (hukusema, wengi wanacho) angalieni na sukari. Ikiwa juu inaleta kiu kali hata chumvi iwe sifuri, kwaiyo ukiona anakunywa kama mtu aliyefungua saumu, mpime sukari kwanza kabla hujagombana naye.

Chumvi ikishapungua ndo hizi mbinu zinafanya kazi, kabla ya hapo hazisaidii sana. Asubuhi mjazie chupa yenye 800, hiyo ndo siku yake. Akitaka chai, toa kiasi kile kile kwenye chupa umwage au upikie chai hiyo hiyo, akinywa uji fanya hivyo hivyo, ili ajionee mwenyewe kilichobaki badala ya wewe kuwa askari wa ndoo. Kutoka kwenye hiyo hiyo chupa chukua 200 ugandishe vipande kumi vya barafu, kila kimoja ni mililita 20, kipande kimoja kinayeyuka mdomoni dakika kadhaa na kinatuliza kuliko mafunda mawili ya maji ya kawaida. Atumie kikombe kile kidogo cha kahawa, sio glasi. Dawa zinazoruhusiwa kumezwa na chakula ameze na uji au chakula chenyewe, muulize mfamasia zipi. Kusukutua maji baridi na kutema anaweza hata mara kumi kwa siku, kulamba kipande cha ndimu au kutafuna bigijii isiyo na sukari kunaleta mate. Saa nyingine sio kiu, ni mdomo mkavu tu, hasa wanaolala mdomo wazi.

Kitu kimoja unisaidie, usimkatie maji kabisa kwa hofu. Akitapika au kuharisha hesabu inabadilika, mpigieni nesi wake siku hiyo hiyo. Na mkojo upimeni tena kila mwezi au miwili kwenye jagi lenye alama, mwageni ule wa kwanza wa asubuhi alafu kusanyeni wote mpaka wa asubuhi inayofuata, maana huwa unapungua na muda na ile 800 ya leo inaweza ikawa 600 baadaye.

Mapengo ya siku 4, kwenu Alhamisi hadi Jumatatu, ndo ya kuogopa. Jumapili jioni mbonyeze kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka kumi uachie, ukiona shimo linabaki ujue maji yamejaa. Muulize jana usiku alilalia mito mingapi. Mtu aliyekuwa analala mto mmoja sasa anataka mitatu, au anaamka saa nane usiku kukaa dirishani anatafuta hewa, huyo maji yameshaingia mapafuni, na akianza kukohoa povu, hasa lenye rangi ya waridi, hapo hakuna kusubiri Jumatatu asubuhi. Mkalishe wima, miguu ining'inie, tafuta gari usiku huo huo mwende dharura na useme mlangoni kabisa kwamba ni mgonjwa wa dayalisisi, mara ya mwisho kasafishwa Alhamisi na uzito wake mkavu ni kilo kadhaa. Iandikeni hiyo namba kwenye karatasi mbandike juu ya friji, maana usiku ule hakuna atakayeikumbuka.