Barua kwa mwanangu: alama 64, nafasi mbili

"Baba, shikamoo. Mjukuu wako yuko darasa la tano. Muhula wa kwanza alipata 64 Hisabati akawa wa 31 kati ya 71. Muhula wa pili kapata 64 ile ile, kawa wa 9. Nimpongeze au? Nimekutumia picha za ripoti na karatasi zake zote mbili."

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kutuma na karatasi, maana kwa ripoti peke yake nisingekuwa na la kukujibu.

Nafasi ya 9 inakuambia watoto wangapi wako mbele yake, basi. Haisemi anajua nini. Mtihani wa pili ulikuwa mgumu zaidi, wengi wakashuka, yeye akabaki palepale, ndiyo maana akaonekana amepanda. Halafu kumbuka kila swali lilikuwa na alama 4. Katika darasa la watoto 71, wengi hurundikana katikati, kwa hiyo swali moja tu linaweza kumvusha mtoto nafasi kadhaa. Mwaka niliofundisha darasa la pili, aliyekuwa wa kwanza kusoma alikuwa bado anaunga silabi kidole kikiwa juu ya karatasi. Wenzake walikuwa nyuma zaidi yake. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya haki, na kusoma alikuwa hajui.

Njia ya pili ya kuisoma ile 64 ni kumpima mtoto na yale aliyotakiwa kuyaweza, wenzake uwaweke pembeni. Hapo wazazi wengi hukimbilia herufi. Kwa mipaka ya mtihani wa darasa la saba, ambako 31 hadi 40 kati ya 50 ni B, 64 yake ni B mihula yote miwili. Mpaka wa B hausogei hata darasa zima lifeli, kwa hiyo inaonekana kama tumeshapata kiwango. Mimi sikubali. B ya karatasi nyepesi na B ya karatasi ngumu hazibebi ujuzi mmoja, na herufi haikuonyeshi mada gani imemshinda.

Nikayapanga maswali yake kwa mada. Kila karatasi ina maswali 25, na kila moja amepata 16. Muhula wa kwanza, namba nzima alipata 11 kati ya 12, maumbo 4 kati ya 5, na sehemu 1 kati ya 8. Muhula wa pili, namba nzima 6 kati ya 9, maumbo 3 kati ya 6, sehemu 7 kati ya 10. Unaona 64 ilivyokuwa imeficha mambo? Sehemu zilikuwa zimemshinda kabisa, sasa anaziweza kwa kiasi kikubwa. Mpongeze kwa hilo, na umtajie kuwa ni sehemu, asije akadhani unasifia ile 9.

Maumbo sitayasemea. Maswali matano au sita ni machache mno, kubahatisha au kuteleza mara moja kunabadilisha picha yote.

Kilichonisumbua ni namba nzima, ambako mwanzo alikuwa imara. Makosa yake yote matatu ni ya kugawanya kwa namba yenye tarakimu mbili, jambo ambalo karatasi ya kwanza haikuliuliza. Kwenye 4,326 ÷ 14 kaandika 39. Jibu ni 309. Alipoteremsha 2 akaona 14 haiingii, akateremsha 6 bila kuandika sifuri juu. Hajasahau kugawanya, ni hatua moja tu anairuka. Mpe mengine ya namna hiyo, kisha mwambie azidishe jibu kwa 14 aone kama anarudi kwenye 4,326.

Na zile sehemu tatu alizokosa ni za kujumlisha zenye asili tofauti. Mpe 2/3 + 1/4. Akiandika 3/7, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, mrudishe kwenye kutafuta asili moja. Akipata 11/12, muulize kaipataje, asije akawa amekariri.

Nafasi sikuambii uitupe. Nafasi za shule zikiwa chache na waombaji wengi, watachukua wa juu, na hapo kujua mtoto anasimama wapi kuna kazi yake. Ila hata Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023. Ukienda kikao cha wazazi, usimuulize mwalimu amekuwa wa ngapi, umeshajua. Muulize mada zipi za muhula huu hajaziweza, na umwombe zile karatasi zilizosahihishwa msizirudishe shuleni kabla ya likizo kuisha.

Msalimie mjukuu wangu.

Baba yako