"Tupigie mara moja": maneno matatu yaliyobadilisha mkataba

Mkataba wa kwanza wa huduma ya pesa kwa simu niliopewa niurahisishe ulirudi kutoka kwa mwanasheria umejaa wino mwekundu. Nilidhani ananionea, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa chepesi na hata mtu aliyeishia darasa la saba angekisoma bila kukwama. Ndipo akaniwekea kifungu kimoja mezani na kuniuliza, "Hapa nani anadaiwa nini?" Nikakisoma mara mbili, kisha nikanyamaza.

Kifungu chenyewe, kwa Kiswahili kizito cha asili, kilikuwa hivi: "Mteja atawajibika kwa miamala yote iliyofanywa kwa namba yake ya siri hadi pale Kampuni itakapokuwa imepokea taarifa ya upotevu wa laini au namba ya siri na kupata muda wa kutosha wa kuifanyia kazi, isipokuwa pale ambapo hasara imetokana na uzembe wa Kampuni, wafanyakazi wake au mawakala wake."

Mimi nikaandika: "Ukipoteza simu, tupigie mara moja. Miamala iliyofanyika kabla hujatupigia ni juu yako."

Inasomeka vizuri, sivyo? Lakini "mara moja" haimo katika kifungu. Nilimbebesha mteja wajibu mpya, na kampuni ingeweza kuja kudai kwamba alichelewa. "Tupigie" nayo iliziba njia nyingine, kwa sababu kifungu kinasema kampuni ipokee taarifa, hakisemi ipokee kwa simu. Aliyefika ofisini akatoa habari ana kwa ana angeonekana hakutimiza sharti. Simu, laini na namba ya siri nilivifanya kitu kimoja. Ule "muda wa kutosha" niliuangusha, na hapo nikaiumiza kampuni: kwa maneno yangu hasara inahamia kwake sekunde ile ile mteja anapopiga. Baya zaidi, sehemu yote ya "isipokuwa" niliikata kwa sababu ilirefusha sentensi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya mteja dhidi ya wakala mzembe.

Tangu siku hiyo sianzi na sentensi, naanza na jedwali lenye safu tano: nani; analazimika, anaruhusiwa au anakatazwa; kufanya nini; lini; isipokuwa nini. Kila kifungu nakivunja humo kabla sijaandika neno. Nikimaliza kurahisisha, nampa mtu ambaye hajauona mkataba wa asili ajaze jedwali kama hilo kwa kusoma andiko langu tu. Kisha naweka majedwali mawili bega kwa bega. Safu ambazo hazifanani ndipo nilipoharibu, na mara nyingi ni ya "lini" au ya "isipokuwa".

Kifungu kile sasa kinasomeka hivi: "Muamala wowote uliofanywa kwa namba yako ya siri ni juu yako. Hali hiyo inaendelea hadi mambo mawili yatimie: tuwe tumepata habari kwamba umepoteza laini au namba ya siri, na tuwe tumepata muda wa kutosha wa kuzishughulikia habari hizo. Lakini hasara ikitokana na uzembe wetu, wa wafanyakazi wetu au wa mawakala wetu, si juu yako." Ni kirefu kuliko changu cha kwanza, nami sioni aibu. Sentensi fupi ni nzuri, ila sharti lililokatwa halirudi. "Muda wa kutosha" nao nimeuacha bila kuutia saa, ingawa wasomaji wanaulalamikia. Kampuni ikitaka kuahidi saa mbili, ibadilishe mkataba wenyewe. Si kazi ya mrahisishaji kuiahidia.

Vitenzi ndivyo vinavyosumbua zaidi. Kiambishi "-ta-" katika "mteja atatunza namba ya siri" msomaji wa kawaida anakisikia kama utabiri, kana kwamba mteja huyo ni mtu makini tu. Ikiwa ni wajibu, naandika "lazima utunze". Neno "tunaweza" lina sura mbili: uwezo na ruhusa. "Tunaweza kufunga akaunti yako" watu wengi wanaichukua kama onyo kwamba huenda ikatokea, kumbe mkataba unaipa kampuni haki. Hapo naandika "tuna haki ya kufunga akaunti yako", kisha masharti yake yote. Na mteja akikosea akatuma pesa kwa namba isiyokusudiwa, mkataba ukisema kampuni itafanya juhudi zinazofaa kuirejesha, usiandike "tutakurudishia". Andika "tutajaribu kwa njia zinazofaa, hatuahidi kwamba itarudi", hata kama inauma kuisoma, mradi mwanasheria athibitishe kwamba ndivyo kifungu kinavyosema.

Kwenye tangazo la faragha nilikutana na mtego mwingine: neno "taarifa". Tangazo lenyewe huitwa taarifa ya faragha, ndani yake mna taarifa zako binafsi, na ukitaka kulalamika unaambiwa utoe taarifa. Katika ukurasa mmoja nililihesabu mara kumi na tisa, kwa maana tatu. Sasa nalitumia kwa maana moja tu, yaani mambo yanayokuhusu wewe. Karatasi naiita tangazo, na kutoa taarifa nakuita kutujulisha.

Lakini kosa zito la faragha ni kupamba kila kitu kwa neno "ruhusa". Nakala za kitambulisho na kumbukumbu za miamala kampuni hukusanya na kuzitunza kwa sababu sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinaiamuru. Ukiandika "kwa ruhusa yako tunatunza kitambulisho chako", umempa mteja haki ambayo hana, kwa sababu anayetoa ruhusa anaweza kuiondoa. Atakuja siku moja kuiondoa, ataambiwa haiwezekani, naye atakuwa sahihi kukuita mwongo. Andika "sheria inatulazimu". Meseji za matangazo ya biashara, kama kampuni imezijenga juu ya ridhaa, ndizo uandike "ukiruhusu" na useme namna ya kukataa. Kila kipande cha taarifa kina sababu yake, na sababu hizo haziunganishwi kwa ajili ya mtiririko.

Kupima kama watu wameelewa usiwaulize "umeelewa?" kwa sababu wote wataitikia ndiyo. Mimi nawapa kisa: mama ameibiwa laini saa nne asubuhi, saa tano ametoa habari, saa tano na dakika tatu pesa imetolewa kwa namba yake ya siri. Hasara ni ya nani? Kwa andiko langu la kwanza wote niliowauliza walijibu ni ya kampuni. Kwa la pili walianza kubishana kama dakika tatu ni muda wa kutosha, na hilo ndilo swali ambalo mkataba wenyewe umeliacha wazi.

Kuna kifungu kimoja ambacho hukaa mwisho kabisa, kinachosema toleo la asili na lililorahisishwa yakitofautiana, la asili ndilo litakalofuatwa. Mimi nakiacha huko na kukinakili pia ukurasa wa kwanza, juu ya kifungu cha 1, kwa herufi za kawaida. Kampuni moja ilikataa, ikasema kitawatisha wateja. Nikawaomba wanionyeshe ni wapi pengine mteja angekiona kabla ya kubonyeza "Nakubali".