"Kinavutia" bila ushahidi ni maneno matupu

Msomaji mmoja ameniletea uhakiki wake wa Kusadikika ya Shaaban Robert, akaomba nimwambie kwa nini mhariri ameurudisha na neno moja tu: "mtupu". Sentensi ya kwanza inajibu: "Hii ni riwaya inayovutia sana, yenye kusisimua, kuelimisha na kuburudisha." Hakuna uongo ndani yake. Ila ukiikata ukaibandika juu ya riwaya ya upelelezi, au kitabu cha ufugaji wa nyuki, itakaa vilevile. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: sentensi ya sifa inayoweza kuhamia kwenye kitabu kingine bila kubadilishwa neno haijasema lolote kuhusu kitabu hiki.

Wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia kuongeza nguvu. "Inavutia" inageuka "inavutia mno", kisha "inavutia ajabu", kisha "hakika huwezi kuiweka chini". Tatizo linazidi, kwa sababu msomaji wako hakuwa na shaka na kiasi cha mvuto. Alitaka kujua ni nini kinachovuta. Kwa hiyo futa "sana" na ndugu zake wote kwanza, kisha ujiulize ni ahadi gani hasa unampa mtu anayefikiria kutoa hela yake. Maneno ya sifa yanafanana kwa juu tu. Kila moja linadai ushahidi wa aina yake.

"Kuvutia" ndilo jepesi kuliko yote. Linasema tu kwamba kuna kitu kimekufanya usimame ukitazame, basi kitaje kitu chenyewe. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi iliyo angani. Anaposimama mbele ya baraza hajizungumzii. Anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi hiyohiyo iliwatuma pande sita, yaani pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walirudi na faida, wakalipwa kifungo. Ukiandika "kinachovutia ni kwamba Karama anajitetea kwa kuwatetea wengine", neno limepata mwenyewe. Na hata ukiliondoa, sentensi haifi: "Karama anajitetea kwa kuwatetea wengine." Mara nyingi hii ya pili ndiyo bora. Mwache msomaji avutike mwenyewe.

"Kutia shauku ya kujua" ni jambo jingine. Hapo unadai kwamba kitabu kinashikilia swali na hakiliachii mapema. Basi liandike swali hilo pembeni, na alama yake ya kuulizia. Likikushinda, shauku haikuwepo. Ulikuwa umependa tu. Kwa Kusadikika lazima uangalie sana hapa, maana anayeandika kwamba tunasubiri kuona yatakayowapata wajumbe amekosea. Tangu mapema tunajua kifungo kinawangoja. Wala huwezi kusema mshtaki wa Karama ni mtu wa mafumbo, kwani anaitwa Majivuno, na jina limeshamaliza kazi. Swali linalobaki wazi ni hili: kwa nini nchi iwatume watu wakatafute mema, kisha iwaadhibu kwa kuyaleta? Hilo unaweza kulitaja katika uhakiki bila kumharibia mtu utamu, kwa kuwa umetoa swali, hukutoa jibu. Hukumu ya kesi iache humohumo kitabuni.

Sasa neno linaloumiza wahakiki wengi: "inamshika msomaji". Lina maana mbili, na mwandishi wa uhakiki asipochagua moja anajikuta anasema uongo bila kukusudia. Hadithi inaweza kukushika kwa mwendo wake, ukafungua ukurasa unaofuata usiku wa manane. Hoja nayo inaweza kukushika, ukashindwa kuikataa hata kama usomaji wenyewe ulikuwa wa kujikokota. Kusadikika ni ya aina ya pili. Safari zile sita zimekatwa kwa kipimo kimoja: mjumbe anatumwa, anapata taabu, anajifunza, anarudi, anaadhibiwa. Ukifika safari ya nne umeshajua itakavyoisha, na mwendo unalegea. Mhakiki mwenye aibu atalificha hilo. Mwenye hasira ataishia hapo, aseme kitabu kinachosha. Wote wawili wamekosa jambo kubwa zaidi. Mjumbe mmoja akifungwa, unaweza kusema baraza lilipitiwa. Wakifungwa sita, hiyo ni desturi ya nchi. Urudiaji uleule unaochosha hadithi ndio unaokaza hoja ya Karama. Kwa hiyo sentensi ya kweli ni hii: "Usimulizi unalegea kufikia safari ya nne, lakini kila kifungo kinachoongezeka kinaikaza hoja." Hapo umesifu na umekosoa kwa pumzi moja, na hakuna atakayekuita mpambe wa mwandishi.

(Ndiyo maana kasoro moja iliyotajwa vizuri huifanya sifa iaminike kuliko vivumishi vitano. Lakini iwe kasoro ya kweli. Kulalamikia rangi ya jalada ili uonekane huna upendeleo ni ujanja unaoonekana toka mbali.)

"Kustaajabisha" litumie kwa uchache kuliko yote. Linafaa pale jambo lenyewe lina uzito hata nje ya hadithi, na aghalabu linahitaji taarifa ambayo msomaji hataipata ndani ya kurasa. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Mtu huyo anaandika kesi ya raia anayeshtakiwa kwa kutaka watu wajue sheria, na nchi yenyewe anaiweka angani. Sema hivyo, kisha nyamaza. Ukiongeza kwamba "bila shaka alikusudia kuwapiga vijembe wakoloni", umetoka kwenye ushahidi na kuingia kichwani mwa mwandishi. Andika kwamba kitabu kinaruhusu kusomwa hivyo, maana hilo unaweza kulionyesha.

Nikiurudia ufunguzi wa yule msomaji kwa vipimo hivi, unakuwa hivi:

"Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajibu kwa kusimulia habari za watu sita waliofungwa baada ya kuitumikia nchi yao. Safari zao zinafanana mno, na usimulizi unalegea katikati. Lakini kufanana huko ndiko kunakoifanya hoja yake iwe ngumu kukataa. Swali linalonivutia hadi mwisho si kama Karama atapona, bali ni kwa nini nchi inaiogopa faida ambayo yenyewe iliwatuma watu wakaitafute."

Neno la sifa limebaki moja, "linalonivutia", na limekaa baada ya ushahidi, tena limefungwa kwenye swali. Kwa uhakiki wa maneno kama 600, moja au mawili ya namna hiyo yanatosha. Katika tangazo fupi la mistari mitatu nafasi ya ushahidi ni ndogo, basi weka tukio peke yake, uache sifa zote.

Kabla ya kutuma, bonyeza Ctrl+F utafute maneno haya. Usiandike neno zima, maana Kiswahili kitakuficha: "kinavutia", "inayovutia", "cha kuvutia" na "mvuto" hayapatikani kwa pamoja. Tafuta "vut", kisha "sisim", kisha "staaja", kisha "shauku". Kila palipojitokeza, soma sentensi iliyotangulia. Kama tukio, swali au hoja haimo humo wala ndani ya sentensi yenyewe, futa neno na uandike kilichokufanya ulifikirie.