Maswali na majibu: jozi, flashi na hesabu zinazozidi mia

Uwezekano wa kugawiwa flashi, yaani karata zote tano za aina moja kama kopa tupu, ni upi? Naona vitabu viwili vinapingana, kimoja kinasema 5,148 na kingine 5,108.

Havipingani. Kila aina ina karata 13, na namna za kuchagua tano kati ya hizo ni 1,287. Zidisha kwa aina nne, unapata 5,148. Ndani yake kuna mikono 40 ambayo karata zake zinafuatana pia, na hiyo kwenye poka ina cheo chake cha juu zaidi. Ukiitoa inabaki 5,108. Mikono yote inayowezekana ni 2,598,960, kwa hiyo flashi ya kawaida hutokea takriban mara 1 katika 509. Anayekupa namba bila kukuambia kama hiyo 40 imo au haimo, mrudishie swali.

Aina ziko nne, kwa hiyo kila karata ina robo. Karata ya kwanza yoyote, halafu robo mara nne, jibu 1 kwa 256. Mbona nyie mnasema 505 au 509?

Kwa sababu wewe unairudisha karata kwenye kasha kila baada ya kuichukua, na mgawaji hafanyi hivyo. Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nalijua kwa harufu. Chukua kopa ya kwanza mkononi: kwenye kasha zimebaki kopa 12 kati ya karata 51, na hiyo tayari imeshapungua chini ya robo. Ya tatu inakuwa 11 kati ya 50, ya nne 10 kati ya 49, ya tano 9 kati ya 48. Hiyo ya mwisho ni asilimia 18.75 tu. Kila kopa unayoishika inafanya inayofuata iwe adimu zaidi. Zidisha sehemu hizo nne, utapata mara 1 katika 505, ile 40 ikiwemo. Jibu lako lilikuwa karibu mara mbili ya ukweli, na hilo si kosa dogo kwa mtu anayetaka kuweka pesa mezani.

Naomba kujua kama flashi inaweza kuwa na jozi ndani yake.

Kasha moja lina saba ya kopa ngapi?

Nimekokotoa jozi hivi: namba 13, kila moja ina jozi 6, halafu karata tatu zilizobaki nazichagua kati ya zile 48 zisizo za namba hiyo. Napata 1,349,088, yaani asilimia 51.9. Jibu la kitabu ni 42.26. Kikokotoo changu ni kizima.

Kikokotoo ni kizima, na kuzidisha umezidisha vizuri. Kilichoharibika ni ulichokihesabu. Swali lako nimelipa nafasi kubwa kwa sababu nusu ya barua za hapa ni kosa hilihili limevaa nguo tofauti.

Tandika karata mezani: saba ya kopa, saba ya pau, tisa ya uru, tisa ya shupaza, na mfalme wa kopa. Ulipofika kwenye jozi ya saba, ulichagua karata tatu kati ya 48 zisizo saba, na moja ya michaguo hiyo ilikuwa tisa, tisa, mfalme. Ukauandika mkono huo. Baadaye ukafika kwenye jozi ya tisa, na kati ya karata zisizo tisa ukachagua saba, saba, mfalme. Ukauandika tena. Ni karata zilezile tano, zimelala mezani palepale, nawe umezihesabu mara mbili. Tena hazikustahili kuhesabiwa hata mara moja, maana huo ni mkono wa jozi mbili.

Mikono ya jozi mbili ni 123,552, na kwako kila mmoja umeingia mara mbili, jumla 247,104. Halafu kuna saba mbili na tisa tatu: mikono ya sura hiyo ni 3,744, nayo imepenya mara moja moja, kwa mlango wa ile jozi yake. Toa hizo zote kutoka 1,349,088. Zinabaki 1,098,240, na hiyo ndiyo asilimia 42.26 ya kitabu.

Njia safi ni kuzilazimisha zile karata tatu zitofautiane tangu mwanzo. Usichague karata, chagua namba: namba tatu kati ya 12 zilizobaki, namna 220. Kisha kila namba ipe aina yake, 4 × 4 × 4, yaani 64. Sasa zile jozi zako 13 × 6, yaani 78, zidisha: 78 × 220 × 64 inaleta 1,098,240 bila kutoa chochote.

Kosa lako ungeweza kulinasa mwenyewe kabla ya kufungua kitabu. Tafuta mikono isiyo na namba iliyojirudia hata moja: karata ya kwanza yoyote, ya pili ikwepe tatu kati ya 51, na kuendelea hivyo. Ni 48/51 × 44/50 × 40/49 × 36/48, karibu asilimia 50.71. Jumlisha na 51.9 yako. Umevuka mia, na bado hujaitafutia nafasi mikono ya karata tatu za namba moja.

Kwa hiyo “kupata jozi” ni 42 au 49? Rafiki yangu anasisitiza 49.

Anayesema 49.29 anahesabu mkono wowote wenye namba iliyojirudia, zikiwemo jozi mbili, tatu za namba moja na nne za namba moja. Anayesema 42.26 anataka jozi moja kamili na si zaidi. Tofauti ni asilimia 7 na kidogo. Mnabishana kuhusu neno “jozi”, karata hazimo katika ugomvi wenu.

Mimi hugawiwa wa mwisho. Nafasi yangu ya flashi si inapungua kwa kuwa wenzangu wameshachukua?

Hapana. Karata usiyoiona mkononi mwa mwenzio ni sawa na iliyo chini ya kasha. Hesabu hubadilika pale tu unapoona kitu. Ukiwa na kopa nne na unabadilisha karata moja, hujaziona 47, na 9 kati yake ni kopa: asilimia 19. Jirani akiangusha kopa mbili kwa bahati mbaya na ukaziona, zinabaki 7 kati ya 45, asilimia 15.6. Na hiyo asilimia 19 usiichanganye na ya kugawiwa flashi papo hapo. Wako wanaoijua namba moja ya flashi na kuitumia kila mahali.

Nimecheza mikono 500 bila flashi hata moja. Imekaribia, au kasha lina walakini?

Wala haijakaribia, wala kasha halina walakini kwa ushahidi huo. Watu 100 wakicheza mikono 500 kila mmoja, takriban 37 wataondoka bila flashi. Mkono wako wa 501 una nafasi ileile ya 1 katika 509, kwa sharti kwamba karata zinachanganywa upya. Ungeniambia umecheza mikono 30 bila kuona jozi hata moja, hapo ningetaka kuzihesabu karata zenu mimi mwenyewe, moja moja, kabla ya mgao unaofuata.