Kaunta yako inaruka kutoka 7 hadi 14? Angalia waya wa mwelekeo kwanza

Hii kitu ilinitesa karibu wiki nzima. Nilikuwa na kaunta ya biti 4, inahesabu juu au chini kufuatana na swichi moja, na mara moja moja tu ilikuwa inatoka 7 inaenda 14, siku nyingine 7 inaenda 0. Nikabadilisha pawa saplai, nikabadilisha chipu, wapi!

Kumbe swichi ilikuwa inageuka karibu mno na pigo la kloki. Ukiwa kwenye 7, yaani 0111, kupanda ni 1000 na kushuka ni 0110, na kila biti inajiamulia kivyake kwa njia yake ya mageti, njia nyingine ndefu nyingine fupi. Sasa waya wa mwelekeo ukigeuka wakati pigo linaingia, biti ya juu kabisa inaona "panda" inaweka 1, mbili za katikati bado zinaona "shuka" zinaweka 1 1, ya mwisho inageuka tu kuwa 0 vyovyote vile, na hapo umepata 1110, ambayo ni 14.

Kwenye 5 huoni kitu, maana 6 na 4 zinatofautiana biti moja tu, kwa hiyo utapata mojawapo. Ndo maana tatizo linajificha, linatokea kwenye 0, 3, 4, 7, 8, 11, 12 na 15 tu. Na hata namba ya kosa inafuata zamu ya shufwa na witiri kama kawaida, kutoka 7 utaangukia shufwa tu. Mi nilirekodi namba ya kabla na ya baada, nikaona hiyo ndo nikajua sio noizi ya kawaida.

Dawa yake ni kupitisha swichi kwenye flipuflopu mbili za kloki ileile, halafu biti zote zisome toleo moja:

```
always @(posedge clk) begin
  d1 <= dir_in;
  d2 <= d1;
  q  <= d2 ? q + 1 : q - 1;
end
```

Mbili kwa sababu ya kwanza inaweza kuning'inia kati ya 0 na 1 kwa muda, ya pili inaipa nafasi itulie. Na usije ukasoma `dir_in` mahali pengine popote, utarudi palepale.

Ila ina gharama: baada ya swichi kugeuka, kaunta inahesabu mapigo mawili kwa mwelekeo wa zamani. Kama kila pigo la kloki ni tukio halisi, mfano waya A wa enkoda ndo kloki na B ndo mwelekeo, usicheleweshe B peke yake, utahesabu vibaya kila inapogeuka. Hapo tumia kloki ya kasi, A na B zote zipite kwenye flipuflopu mbilimbili, na kaunta isogee pale tu A inapopanda kutoka 0 kwenda 1.